Mshikio wa gongo la Papa mkubwa: nje nilichonga, ndani nikapima

Leo sileti habari ya mkutano wala ya bei ya unga. Naleta habari ya kipande cha plastiki chenye urefu wa milimita 110, kilichonichukua miezi mitatu.

Papa mkubwa, kaka ya baba yangu, alifanya kazi ya kukereza chuma kwenye atelye ya Gécamines mpaka alipostaafu. Aliishi kwenye mtaa unaopakana na machimbo, hapa katikati ya mji wetu wa Kolwezi. Siku ya kuhama, vitu vilirushwa juu ya lori kwa haraka, na gongo lake la kutembelea likakaliwa na kabati. Bomba halikupinda, ila mshikio wa plastiki ulipasuka vipande viwili. Tangu hapo alifunga bomba kwa kitambaa na mpira wa tairi la baiskeli. Baada ya wiki mbili kiganja kikatoka lengelenge, kisha kidonda chini ya kidole gumba. Akaanza kukaa ndani. Mtu aliyehamishwa kwenye mtaa asioujua, akikaa ndani hajulikani na mtu.

Mimi jioni, umeme ukiwepo, napenda kuchora vitu kwenye kompyuta. Sikusomea, ni mapenzi tu. Nikamwambia, “Papa, nitakutengenezea mshikio.” Akanijibu, “Pima kwanza, mwanangu.” Akatoa kalipa yake ya zamani ndani ya soksi na kunipa.

Nikapima. Bomba la mshikio lina unene wa milimita 22 kamili. Linatoka kwenye mguu wa gongo kwenda mbele, na plastiki huvikwa juu yake kama soksi. Hili ni jambo la kwanza la kushika: uzito wa mtu unabebwa na chuma, plastiki inagawanya tu uzito huo juu ya ngozi. Kama gongo lako limekatika bomba lenyewe, usilibadilishe kwa plastiki ya kuchapwa. Itavunjika na utaanguka.

Jaribio la kwanza nilifanya kwa njia niliyoizoea, ile ya vipimo. Programu yangu inaitwa FreeCAD, haina malipo na haihitaji mtandao. Humo unachora duara, unaandika namba, unalivuta liwe mti kwa amri ya `Pad`, unatoboa tundu kwa `Pocket`, unaviringisha kona kwa `Fillet`. Kila hatua inabaki kwenye orodha upande wa kushoto. Kesho ukitaka tundu liwe kubwa zaidi, unarudi kwenye hatua ile, unabadilisha namba, na hatua zinazofuata zinajipanga upya. Ndivyo fundi wa kukereza anavyofikiri: kipenyo, urefu, kina, mwisho.

Nilichora mti wa milimita 34 kwa unene, tundu katikati, kona zimeviringishwa. Rafiki yangu wa Lubumbashi mwenye printa ya 3D akauchapa na kuutuma kwa basi, njia ya Likasi, kilomita kama 300. Ukaingia kwenye bomba vizuri sana. Papa mkubwa akatembea mpaka mlangoni, akarudi, akafungua kiganja. Kidonda kilikuwa chekundu palepale.

Sababu yake naielewa sasa. Mkono hauna duara hata moja. Chini ya gumba kuna mto wa nyama, upande wa kidole kidogo kuna mto mwingine, na katikati kuna bonde ambamo mishipa hupita. Mti wa mviringo unagusa mstari mmoja mwembamba, na uzito wote unakaa juu ya mstari ule. Mshikio mzuri unapanuka nyuma chini ya kiganja, unakuwa mwembamba mbele ambapo vidole hufunga, na haulingani kushoto na kulia.

Nikajaribu kulazimisha umbo hilo kwa njia ileile ya vipimo. Nilichora vipande vitano kama mikate iliyokatwa, kila kimoja na umbo lake, nikaviunganisha kwa amri ya `Loft`. Programu ilipita kwenye kila kipande kama nilivyoagiza, lakini kati ya kimoja na kingine ikatoa mawimbi. Nikirekebisha kipande cha pili, nundu inaonekana kati ya cha tatu na cha nne. Nikitaka kuviringisha ukingo kwa `Fillet`, programu inakataa kwa sababu nyama iliyobaki ni nyembamba kuliko mviringo ninaoutaka. Jioni tatu zilikwisha hivyo. Kila umbo la kiganja lilinidai namba, na mimi sikuwa nazo, kwa sababu hakuna mtu anayejua kipenyo cha mto wa gumba lake.

Hapo nikageuka. Nilichukua udongo wa mfinyanzi, nikaufunga kwenye bomba la gongo, nikamwomba Papa mkubwa aushike na kuuegemea kama anatembea. Udongo ukapokea mkono wake. Nikaupiga picha juu, chini na pembeni, nikaweka picha nyuma ya kazi kwenye programu nyingine isiyo na malipo, Blender.

Njia hii ya pili ni ya kuchonga, na ndani yake kuna werevu mmoja ambao nataka mwuelewe. Unaanza na kiunzi cha vigae vichache vya pembe nne, kama sanduku la maboksi. Kompyuta inakigawa kila kigae kuwa vinne, na inazivuta pembe zote kidogo kuelekea majirani zao. Inarudia tena. Baada ya mara mbili au tatu, sanduku linakuwa jiwe la mtoni. Kanuni hii waliiandika Edwin Catmull na Jim Clark mwaka 1978. Catmull baadaye akawa mmoja wa waanzilishi wa Pixar, na mwaka 1997 studio hiyo ikaitumia kwa ngozi ya mzee anayecheza chesi peke yake katika filamu fupi iitwayo Geri's Game. Kwa hiyo tangu zamani njia hii imetumika kwa mikono ya wazee.

Kiunzi changu kilikuwa na vigae 8 kuzunguka na 6 kwa urefu, yaani 48 tu, na miisho miwili ikafungwa kwa vigae vinne kila mmoja. Unashika nukta moja, unaivuta, na uso mzima ulio karibu unafuata kwa ulaini, bila namba yoyote. Unatazama picha ya udongo na kuvuta mpaka vilingane. Kosa la mwanafunzi ni kuongeza nukta nyingi haraka. Ukiwa na nukta 400, kila moja inakuwa na kisigino chake, na uso unatoka na mabonde kama barabara ya vumbi baada ya mvua. Ukiona mabonde, usisugue, futa nukta.

Kosa la pili ni zile ninazoziita nyota. Mahali pazuri, mistari minne hukutana kwenye nukta moja. Pakikutana mitatu au mitano, hapo ni nyota, na ulaini wa uso hupungua mahali pale. Huwezi kuzikimbia zote: kwenye mwisho uliofungwa kama wangu zinatokea nne bila hiari. Lakini unaweza kuchagua mahali pa kuziweka. Mimi mwanzoni niliweka moja chini ya gumba ili kupata nundu haraka. Kwenye skrini ilionekana nzuri. Nilipowasha mwanga wenye mistari kama ya punda milia, mistari ikapinda kwa ghafla palepale. Mistari ikipita laini, uso ni laini. Ikivunjika, ngozi nayo itahisi. Nikaihamisha nyota mpaka mwisho wa mshikio, ambapo mkono haufiki.

Umbo la nje likakubali. Basi nikafanya kosa kubwa la kazi yote: nikachonga na tundu humo humo. Nilitengeneza pete ya nukta nane ndani, kila nukta milimita 11 kutoka katikati, nikafurahi kwamba nina tundu la milimita 22. Nikatuma Lubumbashi. Siku tano baadaye basi likaleta mshikio ambao haukuingia hata kwa nyundo ya mbao. Papa mkubwa akaweka kalipa: chini kidogo ya 20.

Nilidhani printa imekosea. Haikukosea. Kumbuka kwamba programu inazivuta nukta kuelekea majirani. Kwenye bomba kama lile, uso wa mwisho unachukua sehemu nne za nukta yenyewe na sehemu moja ya kila jirani wa pembeni, kisha unagawa kwa sita. Jirani kwenye pete ya nukta nane amekaa digrii 45 pembeni, kwa hiyo ukimpima kwa upande wa nukta yetu hafiki 11, anafika 7.78 tu. Hesabu basi: mara nne 11 ni 44, jumlisha 7.78 mara mbili, unapata 59.56. Gawa kwa sita: 9.93. Tundu langu la 22 lilikuwa karibu 19.85 tangu siku ya kwanza. Uso haupiti kwenye nukta unazoshika. Unapita ndani yao, kama kamba iliyolegea ndani ya uzio.

Unaweza kudanganya, ukapanua pete mpaka tundu lifike 22. Nilifanya hivyo. Lakini jioni iliyofuata nilivuta nukta za mwisho wa nje ili kupunguza ukali, na kwa kuwa nje na ndani vilikuwa ngozi moja, mdomo wa tundu ukageuka yai. Hakukuwa na mahali pa kuandika “22, usiguse”. Kwenye njia ya kuchonga, kipimo kinatokana na umbo. Kwenye njia ya vipimo, umbo linatokana na kipimo. Mshikio mmoja unahitaji vyote viwili, ila si mahali pamoja.

Siku hiyo Papa mkubwa alikaa kwenye kiti cha plastiki nje ya chumba walichopanga, mshikio usioingia mkononi. Akasema maneno ambayo ndiyo yamenifanya niandike makala hii: “Mwanangu, mkono wangu unavimba na kupungua. Bomba halivimbi. Kwa nini unavitendea sawasawa?”

Alikuwa na haki. Tangu hapo nina kanuni moja, na ninaijaribu kwenye kila kitu ninachochora. Mahali kitu kinapogusa mwili, nachonga. Mahali kinapogusa kitu kingine kilichotengenezwa, bomba, skrubu, kifuniko, napima. Na utaratibu una maana: kuchonga kwanza, kama jiwe zima lisilo na tundu, kupima na kukata baadaye. Ukianza na tundu kisha ukachonga, kila mvuto wa mkono unalisumbua.

Ila kuna mto wa kuvuka kati ya njia hizi mbili. Kinachotoka Blender ni wavu wa vigae vidogo vilivyonyooka. Programu ya vipimo inataka uso wa kweli uliopinda, wenye hesabu yake. Ukiingiza wavu kwenye FreeCAD na kuugeuza kuwa kitu kigumu, kila kigae kinakuwa uso peke yake. Kutoboa tundu kunawezekana, lakini kompyuta yangu ndogo ilikaa kimya dakika nyingi, na kuviringisha mdomo wa tundu kukashindikana kwa sababu mdomo wenyewe ulikuwa vipande vingi vidogo.

Hapa ndipo inapoingia njia ya tatu, inayoitwa tisplaini. Mwalimu Thomas Sederberg wa chuo kikuu cha Brigham Young, Marekani, na wenzake waliitangaza mwaka 2003, na kampuni ya Autodesk ikainunua mwaka 2011. Shida waliyoitatua ni hii. Katika nyuso za zamani za viwandani, mistari imepangwa kama kitambaa kilichofumwa: ukitaka uzi mmoja wa ziada hapa chini ya gumba, lazima uzi huo upite kutoka pindo mpaka pindo, na unasumbua mahali pasipouhitaji. Katika tisplaini uzi unaruhusiwa kuishia njiani, kwa umbo la herufi T. Kwa hiyo unaongeza nukta mahali pa nundu tu. Na jambo lililonihusu zaidi: ukimaliza kuchonga, uso huo unageuka kuwa uso wa kweli wa viwandani, unaokubali kutobolewa kwa namba.

Tisplaini imo ndani ya programu ya Fusion. Ina leseni ya bure kwa matumizi binafsi, lakini inataka mtandao na kompyuta yenye nguvu kuliko yangu. Rafiki yangu wa Lubumbashi anayo. Basi tukagawana kazi. Mimi nikatoa kutoka Blender kile kiunzi cha vigae 56 kikiwa bado hakijalainishwa, kwenye faili la OBJ. Hili ni la lazima: ukimpa uso uliokwisha kulainishwa, anapokea maelfu ya vigae na kuchonga kunakuwa hakuwezekani tena. Faili lilikuwa dogo hata likapita kwa simu. Yeye akaliingiza kwa milimita, akafungua `Create Form`, akatumia `Convert` kwa chaguo la `Quad Mesh to T-Splines`, na umbo langu likatokea laini kwake kama lilivyokuwa kwangu.

Alipobonyeza `Finish Form`, programu ikakataa. Mahali pembamba mbele, ngozi ya juu ilikuwa imepita ndani ya ngozi ya chini. Kwa macho haikuonekana. Alirudi kwenye sura ya maboksi, akaona nukta mbili zimevukana, akazitenganisha, na safari hii ikakubali. Kama nawe umekwama hapo, tafuta kwanza nukta zilizovukana, mahali pembamba kabla ya pengine.

Kisha tukaja kwenye tundu. Hatukuandika 22. Tundu lililochapwa kwa uzi wa plastiki kwa kawaida hutoka dogo kidogo kuliko lilivyochorwa, na kila printa ina tabia yake. Nilimwomba achape kwanza pete tatu za kimo cha milimita 10: moja 22.2, moja 22.4, moja 22.6. Hazikumaliza hata saa moja na plastiki yake ni ndogo. Zikaja kwa basi ndani ya bahasha. Papa mkubwa akazivika mwenyewe: ya kwanza ikagoma, ya tatu ikacheza, ya katikati ikaingia kwa kusukuma na kutulia. Akasema 22.4 kama hakimu. Mshikio ukatobolewa tundu hilo, kina milimita 100, ukabaki ukuta wa milimita 10 mwishoni, na chini yake tundu dogo la skrubu ili usizunguke. Mambo haya yote yakakaa kwenye orodha ya hatua, juu ya umbo lililochongwa.

Mshikio wa nne ulifika Jumamosi. Ukaingia. Papa mkubwa akaufunga kwa skrubu, akasimama, akaenda mpaka kisimani na kurudi. Mimi nilitazama kiganja, yeye alitazama skrubu. Kiganja kilikuwa na wekundu mpana na hafifu, wa kiganja kizima, pasipo mstari. Kidonda kilifunga baada ya wiki tatu hivi, na sasa asubuhi utamkuta kwenye baraza la wazee wa mtaa wake mpya, akiwakosoa.

Mwezi uliofuata mama mmoja, naye amehamishwa kutoka upande uleule wa machimbo, alikuja na gongo lenye bomba la milimita 25, na anatumia mkono wa kushoto. Tulifinyanga udongo wake. Mkono wake haukuwa mbali na ule wa Papa mkubwa, kwa hiyo rafiki yangu aligeuza umbo kama kwenye kioo, akavuta nukta chache, kisha akabadilisha namba moja, 22.4 kuwa 25.4. Tundu la skrubu lilifuata lenyewe. Lakini ukuta wa mbele ulibaki mwembamba mno, kwa sababu tundu limekua na nje haikukua, na orodha ya hatua haikutuonya. Tuliligundua kwa kukata umbo katikati kwenye skrini na kupima nyama: milimita 1.5. Tukarudi kwenye kuchonga, tukanenepesha mbele mpaka 3. Basi usiamini namba peke yake. Kata umbo na utazame ndani.

Jambo moja bado halijanipa usingizi. Plastiki tunayotumia, ile ya PLA, huanza kulainika karibu na nyuzi 60. Gongo likiachwa ndani ya gari juani, mshikio unapinda. Ndiyo maana nimemwambia Papa mkubwa alilaze kivulini, na wa mama yule tuliuchapa kwa PETG, inayovumilia joto zaidi kidogo.

Aliye na gongo lenye mshikio uliovunjika anikute. Alete gongo lenyewe, si picha, na aje na mkono wake. Udongo ninao, na kalipa nimeazimwa.